Ratiba ya chakula cha wiki pale umeme unapokatika-katika

Ratiba nyingi za chakula cha wiki zimejengwa juu ya friji. Unapika siku moja, unagawa kwenye vyombo, kisha unakula siku tatu au nne zinazofuata. Umeme ukiwa wa kuja na kuondoka, mpango huo unaanguka, hata vyombo vyako viwe na mifuniko mizuri kiasi gani. Nimeishi na umeme wa namna hiyo kwa muda mrefu, na nilichofanya ni kuhamisha kazi. Siku ya maandalizi naishia pale ambapo chakula bado ni kikavu: nachagua, napepeta, napima, nasaga viungo, nafungasha kwa milo. Maji na moto vinasubiri siku ya kula.

Sababu yake ni hii. Bakteria wanahitaji maji ili wazaane, na chakula kikavu hakina maji ya kuwatosha. Ukishakilowesha au kukipika, muda umeanza kukimbia. Wengi wa bakteria wanaoumiza matumbo huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na humo ndimo lilimo joto la kawaida la chumba. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa mbili, na chumba kikizidi nyuzi 32, kisizidi saa moja. Kwa hiyo mtu asiye na friji ya kuaminika ana njia mbili tu: kukiacha chakula kikiwa kikavu, au kukiweka moto hadi kiliwe.

Nitaeleza kwa maharage, kwa kuwa ndiyo yanayobeba wiki yangu.

Kabla ya kuyaweka akiba nataka kujua kama yamekauka sawasawa, maana maharage yenye unyevu huota ukungu ndani ya chombo, na ukungu mwingine huacha sumu isiyoondoka kwa kupika. Kuna kipimo cha chumvi ambacho hakihitaji kifaa chochote. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka maharage hadi yafike kama theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoikausha juani au kwenye kikaango, funga, kisha tikisa kwa dakika moja. Iache robo saa, halafu itazame. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, maharage yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na yanahitaji kuanikwa tena. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yanafaa kuhifadhiwa. Angalia pia punje zenye tundu dogo la duara, au unga unga uliotulia chini ya mfuko: hizo ni dalili kwamba wadudu wameshaingia.

Chombo nakijaza hadi juu na kukifunga barabara. Hewa ikibaki kidogo, wadudu waliojificha wanaimaliza na kufa. Chombo kilichojaa nusu kinawaachia hewa ya kutosha, ndiyo maana napenda vyombo vidogo kadhaa kuliko pipa moja linalofunguliwa kila siku. Kinachotumika wiki hii nakipima kabisa na kukitia kwenye vifuko: gramu 250 za maharage makavu kwa mlo wa watu watatu au wanne. Zikiiva zinakuwa zaidi ya gramu 600. Kipimo hiki ndicho msingi wa ratiba nzima, kwa sababu lengo ni sufuria imalizike siku ileile.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, naloweka kifuko kimoja kwa maji mara tatu ya ujazo wake. Nikiloweka saa 3 usiku, saa 11 alfajiri yako tayari. Kwenye joto kali usiyaache hadi mchana, kwa maana yanaanza kuchacha: utaona povu jembamba juu ya maji na utasikia harufu ya uchachu. Maji ya kulowekea yanamwagwa, na maharage yanapikwa kwa maji mapya.

Hapo inakuja hatua ambayo siruhusu mtu airuke. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika vibaya saa chache baada ya kula. Inavunjika kwa mchemko mkali tu. Yanapaswa kutokota kwa nguvu angalau dakika 10, na mimi huyapa dakika 30. Maharage yaliyopashwa joto kwa upole bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko yale mabichi. Nasisitiza hili kwa sababu sehemu iliyobaki ya upishi wangu hufanyika ndani ya kapu la kutunza joto, na kapu halichemshi. Ukiyatia humo yakiwa na uvuguvugu tu, umejiandalia maradhi.

Kapu lenyewe ni kikapu kipana kilichotandikwa mito au blanketi nene pande zote, chini na juu. Sufuria inaingia ikiwa imechemka, mfuniko umekaza, na inafunikwa bila kuacha upenyo. Maharage yanaendelea kuiva humo kwa saa tatu au nne bila kuni, gesi wala umeme. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, kwani iliyo nusu hupoa haraka. Ukiyatoa yachemshe tena, ndipo utie chumvi na viungo.

Kutoka chakula cha mchana hadi cha usiku, nafanya hivi: napakua cha mchana chote kwa mara moja, nahamishia kilichobaki kwenye sufuria ndogo ili iwe imejaa, nakichemsha hadi katikati pawe panatokota, kisha narudisha kapuni mara moja. Wakati wa kupakua cha usiku natumbukiza kipimajoto katikati ya sufuria. Kikisoma zaidi ya nyuzi 60, tunakula. Kikisoma chini ya hapo na sijui kimeshuka tangu saa ngapi, kinamwagwa. Kama kuna kitu kimoja cha kununua kwa ajili ya jiko la namna hii, nunua kipimajoto cha chakula kabla ya chombo kingine chochote.

Najua wengi wetu tumelelewa kwa kiporo, kikichemshwa usiku na kuchemshwa tena asubuhi. Shida ni kwamba kuchemsha hakufuti kila kitu. Baadhi ya bakteria hujenga ganda gumu linalostahimili mchemko, halafu chakula kinapopoa polepole usiku kucha, ganda linafunguka na wanaanza kuzaana upya. Sufuria kubwa ya mchuzi mzito ndiyo mahali wanapopapenda, kwa kuwa katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Wali una hatari ya ziada: bakteria anayeitwa Basilasi sereusi huacha humo sumu ambayo haivunjiki hata ukiupasha hadi utoe moshi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha. Kwa hiyo wali kwangu hauwekwi kwenye hesabu ya kesho. Napima mchele kwa kikombe kulingana na idadi ya walaji, na ukibaki nje zaidi ya saa mbili, hauliwi.

Friji bado ina nafasi yake, ila ratiba haiitegemei. Naitazama kama sanduku la baridi linaloweza kuzimika wakati wowote. Chini kwenye friza naweka chupa za maji zilizogandishwa, nikiacha nafasi kidogo juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. Zinajaza sehemu iliyo wazi, na friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu zaidi: kama saa 48 ikiwa haifunguliwi, dhidi ya saa 24 kwa iliyojaa nusu. Upande wa friji ya kawaida ni kama saa nne tu, mlango ukiwa umefungwa.

Tuseme umeme umekatika Jumanne saa 8 mchana. Ndani ya friji kuna nyama mbichi ya chakula cha Jumatano, maziwa, mayai, siagi na kabichi. Naandika saa kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, ili kila mtu nyumbani ajue na asifungue ovyo. Nahamisha chupa mbili za barafu kutoka friza hadi rafu yenye nyama, kwa mfunguo mmoja wa haraka. Ikifika saa 11 jioni bila umeme, sisubiri saa ya nne iishe. Ratiba inageuka: nyama ya kesho inapikwa leo, yote, na kifuko kimoja cha maharage, kikiwa bado kikavu, kinachukua nafasi yake kesho, bila hasara yoyote. Maziwa yanachemshwa na kunywewa jioni hiyohiyo. Kabichi na siagi hazinitii wasiwasi, na mayai naweza kuyatumia kesho asubuhi yakiwa yameiva hadi kiini kigumu, mradi chupa za barafu bado zinayapoza.

Umeme ukirudi usiku wa manane wakati umelala, friji itakuwa ya baridi asubuhi na itakudanganya. Kwa friza naweka kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Nikiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka na kuganda upya. Lakini kipimo hicho kina mpaka: chakula kinaweza kupata joto la hatari kwa nje kabla kikombe hakijayeyuka kiasi cha kuizamisha sarafu. Ndiyo maana kipimajoto kinakaa ndani pia, na wakati umeme umekatika nakisoma kwanza kila ninapolazimika kufungua. Kilichogandishwa kikiwa bado na chembe za barafu ndani, au kikisoma nyuzi 4 kushuka chini, kinaweza kugandishwa tena, ingawa nyama italegea kidogo. Kilichopita hapo kwa zaidi ya saa mbili, kama ni nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa, hakirudi. Usikionje ili kuamua.

Kwa mboga na matunda, vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine na mchanga wenye maji katikati, hupoza vizuri mahali penye hewa kavu na upepo. Penye unyevu mwingi hewani havisaidii kitu, kwa sababu maji hayakauki. Na hata vinapofanya kazi vizuri, usitie humo nyama, maziwa wala chakula kilichoiva: baridi yake haishuki chini ya nyuzi 5.

Kwa mpangilio wa siku, basi, kinachooza haraka kinaliwa siku kiliponunuliwa, mboga za majani siku inayofuata, kabichi, karoti na vitunguu katikati ya wiki, na mwisho wa wiki unabaki na vifuko vikavu. Umeme ukikatika, unapandisha juu kinachoweza kuharibika na kushusha kifuko kimoja chini. Mimi huandika kila mlo kwenye kikaratasi chake na kuvipanga ukutani, ili kubadilisha siku kuwe ni kuhamisha kikaratasi tu. Vifuko viwili vya ziada visivyo na siku hukaa chini kabisa, kwa ajili ya wiki ambayo umeme umekatika mara mbili.