Res ipsa loquitur, kanuni ya jambo linalojieleza lenyewe, peke yake haitoshi: andikeni maelezo ya uzembe kabla hati haijafika mahakamani

*"Wakuu, baba yangu alikuwa abiria, basi likaacha njia na kupinduka mtaroni. Wakili anasema tutasimama na res ipsa loquitur tu, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwenye basi, hatuhitaji mashahidi wala picha. Hati ya madai inapelekwa wiki ijayo. Ni sawa?"*

Hati hiyo isiende kama ilivyo. Hata kama muda umewabana, kinachokosekana humo kinaandikwa kwa siku moja, na kikikosekana mtakuja kukitafuta wakati mlango umeshafungwa.

Maneno hayohayo, "mzigo unahamia kwao, nyinyi kaeni tu", tuliambiwa sisi na mtu aliyelipwa kujua. Mdogo wangu alikuwa anaendesha gari dogo upande wake wa barabara, lori likatoka upande wa pili, likavuka mstari wa katikati na kumbana. Nyonga ikavunjika. Wakili wetu akasoma taarifa ya polisi mara moja, akafunga faili, akasema kesi hii imeshinda yenyewe. Hati ya madai aliyoandika ilikuwa na aya moja tu kuhusu chanzo cha ajali: lori lilikuwa mikononi mwa dereva wa mdaiwa, likahama upande wake, na mdai anategemea kanuni ya jambo linalojieleza lenyewe. Pale ambapo huandikwa maelezo ya uzembe hapakuwa na hata mstari mmoja. Mimi si mwanasheria, lakini kesi ile imenifanya nisome jambo hili kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote, na ninachokuandikia nimekihakiki.

Kanuni yenyewe ni nzuri, na mahali pake inasaidia kweli. Ilianzia Uingereza mwaka 1863, kesi ya Byrne na Boadle. Mtu anapita njiani Liverpool, pipa la unga linamwangukia kutoka kwenye ghala la mfanyabiashara. Hakujua pipa limefunguliwaje wala nani alilishika. Mahakama ikasema pipa halitoki ghalani lenyewe, na haki haimtaki mpita njia aeleze mambo ya ndani ya ghala la mtu mwingine. Miaka miwili baadaye, kwenye kesi ya magunia ya sukari yaliyomwangukia mtu bandarini London, masharti yakawekwa wazi: kilichodhuru kiwe chini ya usimamizi wa mdaiwa au watu wake, ajali yenyewe iwe ya aina ambayo kwa kawaida haitokei watu wakiwa waangalifu, na chanzo chake kiwe hakijulikani. Yakitimia, mahakama inaruhusiwa kuona uzembe kutokana na tukio lenyewe.

Hapo ndipo watu wanapotolewa njiani. Mahakama *inaruhusiwa*. Kinachompata mdaiwa ni kwamba akikaa kimya, ana hatari kubwa ya kushindwa, kwa hiyo analazimika kusimama na kueleza. Huo ni mzigo wa kujibu. Mzigo wa kuishawishi mahakama, kwamba kwa mizani ya uwezekano ajali ilisababishwa na uzembe wake, unabaki kwa mdai tangu siku ya kwanza hadi hukumu. Zipo hukumu za zamani zilizozungumza kana kwamba mzigo wote unahama, na wakili mvivu akikutana na moja kati ya hizo anaona amepata godoro. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilifika mahali pa kusema kanuni hii isitumike tena kama kitu kinachojitegemea, ushahidi wa mazingira upimwe tu kama ushahidi mwingine wowote.

Sasa uone linavyotokea mahakamani. Sisi tulimleta mdogo wangu, akaeleza lori lilivyomjia, tukafunga ushahidi. Wenzetu wakamleta dereva: tairi la mbele lilipasuka ghafla, usukani ukamshinda. Wakamleta fundi wao na daftari la matengenezo lenye tarehe na sahihi, likionyesha matairi yalikaguliwa muda mfupi kabla ya safari. Basi. Tulikuwa tumeegemea ukimya wao, na wao hawakunyamaza.

Kinachoniuma ni kwamba kupasuka kwa tairi si utetezi hata kidogo, na mtu anayesoma kesi za ajali anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Kesi ya Barkway, basi la kampuni huko Wales liliacha barabara na kuporomoka kwenye ukingo baada ya tairi kupasuka. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1948 kwamba tairi kupasuka ni jambo lisiloegemea upande wowote, linaweza kutokea kwa mzembe na kwa mwangalifu. Mdaiwa akitaka kupona lazima aende hatua ya pili: ama aonyeshe tairi lilipasuka kwa sababu mahususi isiyo ya uzembe, au, kama sababu haijulikani, aonyeshe alitunza matairi yake kwa uangalifu wote unaostahili. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 1950, na huko familia ya abiria aliyefariki ikashinda. Ilishindaje? Si kwa kanuni ya jambo linalojieleza. Malodi walisema chanzo kimeshajulikana, tairi lilikuwa limedhoofika kwa kupigwa na kitu kigumu, kwa hiyo kanuni haina kazi tena. Kampuni ilishindwa kwa sababu haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti matairi yanapopata kipigo kikali. Ushindi ulitokana na kosa lililotajwa na kuthibitishwa.

Kwetu daftari ndilo lililobeba hatua ya pili, na jibu la daftari tulikuwa nalo. Msamaria mmoja alipiga picha eneo la ajali, na kwenye picha moja ubavu wa lile tairi lililochanika unasomeka. Matairi mengi huwa na herufi DOT na msururu wa alama, mwisho wake kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2309, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tarakimu za tairi lile zilionyesha lilikuwa kuukuu kuliko lori lenyewe. Yaani lilitolewa kwingine likavalishwa gurudumu la mbele, la usukani, na ubavu ulikuwa na nyufa unazoweza kuzifuata kwa kidole. Swali moja tu kwa fundi wao, "tairi hili mlilikagua ukaona nini?", na daftari lote lingeyumba.

Picha ilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu. Wakili hakuwahi kuuliza kama kuna picha. Tulipomsogezea mahakamani siku ya fundi, akainuka kuomba iingizwe, na upande wa pili ukapinga kwa sentensi moja: wadaawa wanafungwa na hati zao, na hati ya mdai haisemi popote kwamba tairi lilikuwa bovu. Hakimu akawakubalia. Kuomba kurekebisha hati wakati ushahidi wetu umeshafungwa, akakataa pia, kwa sababu wenzetu wangeshtukizwa. Hukumu ilisema maelezo ya mdaiwa yanakubalika, dhana ya uzembe imeondoka, na mdai hana kingine. Mdogo wangu akaamriwa kulipa gharama za mtu aliyemvunja nyonga. Wakili akatuambia "mahakama haikuelewa kanuni". Mahakama iliielewa vizuri sana.

Na usidhani ni sisi tu. Mwaka 1988 Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, liliamua rufaa kutoka Hongkong, Ng Chun Pui na Lee Chuen Tat, ambayo ungedhani imeandikwa kwa ajili ya baba yako. Basi lilivuka kizuizi cha katikati ya barabara kuu na kuligonga gari la abiria. Wadai wakaegemea tukio lenyewe, hawakuleta ushahidi wa uzembe. Dereva akaeleza kuwa gari lingine lilimkatia mbele ghafla, akafunga breki, akateleza. Mahakama ikapima alichofanya kama dereva aliyekumbwa na dharura, ikaona si uzembe, wadai wakatoka mikono mitupu. Baraza likasema wazi kwamba kudai mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mdaiwa ni kupotosha.

Baba yako kama abiria ana nafasi nzuri, kwa sababu basi lilikuwa mikononi mwa dereva mmoja na hakuna magari mawili yanayotupiana lawama. Lakini mwenye basi atakuja na kitu: ng'ombe, utelezi, gari lililomkatia, breki. Breki nazo zina historia. Kesi ya Henderson ya mwaka 1970, lori lilikosa breki kwa sababu bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Wenye lori wakasema ukaguzi wa kawaida usingeigundua. Wakashindwa, kwa sababu hawakueleza lori lile lilikuwa limepitia nini kabla ya hapo, mizigo gani, mazingira gani. Ndiyo maana unataka rekodi zao, usiishie kwenye maelezo yao.

Kwa hiyo hati yenu iandikwe kwa namna mbili kwa pamoja. Kwanza maelezo ya uzembe, moja moja: alikimbiza gari kupita kiasi kwa hali ya barabara, hakuangalia mbele, alishindwa kumudu gari, basi lilitoka na tairi au breki zisizofaa, mwenye basi hakuwa na utaratibu wa kukagua. Andika yale ambayo mazingira yanayabeba, usibuni. Kisha ndipo aya inayosema *pamoja na hayo, au badala yake*, mdai anategemea res ipsa loquitur. Kutaja makosa hakuwanyang'anyi kanuni, na mtu akikuambia kunawanyang'anya muulize amesoma wapi.

Wakati hiyo inaandikwa, peleka barua kwa mwenye basi leo, kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, umtake asiuze mabaki ya basi kama chuma chakavu wala asitupe matairi, na atunze daftari la matengenezo na ratiba ya dereva. Chukua mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari polisi. Watafute abiria waliokaa mbele, kwa sababu wao ndio watakaosema kama kulikuwa na ng'ombe au hakukuwa na ng'ombe. Na picha zote zilizopigwa pale zikusanye kwa wenye simu zao, uzikuze mpaka ubavu wa kila tairi, usome zile tarakimu nne za mwisho.