Picha ya viza iliyobadilishwa mandharinyuma

"Nimepigwa picha ya viza ya Marekani studio moja hapa tao. Ukuta ulikuwa wa bluu, wakaugeuza mweupe kwa kompyuta. Imekataliwa. Niirekebishe vipi?"

Dada, hiyo iache, upige nyingine. Ikuze kwenye simu mpaka uone sikio na nywele. Programu inapoondoa ukuta hukisia mwili unaishia wapi, na kwa nywele zetu za afro au rasta hukosea: vinywele vya pembeni hukatwa, ncha ya sikio huliwa, au hubaki utepe wa bluu kuzunguka kichwa. Hapo umbo la kichwa si lako tena, na kazi ya picha hiyo ni kulinganishwa na uso wako. Kupaka weupe zaidi huongeza tu alama za kuchezewa.

Kinachokubalika ni kile kisichogusa sura: kukata kingo ziwe mraba, kunyoosha picha iliyoinama kidogo, na kupunguza ukubwa. Ya kupakia mtandaoni iwe JPEG, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, isizidi kB 240. Kichwa, kidevu hadi juu ya nywele, kichukue asilimia 50 hadi 69 ya kimo cha picha. Kulainisha ngozi au kufuta kovu, hapana kabisa.

Tundika shuka jeupe lililopigwa pasi, simama kama mita moja mbele yake ili kivuli kisiliangukie, uso uelekee dirishani. Miwani vua. Mwambie mpiga picha asikaribie sana, atakuvimbisha pua.