Bili ya AWS: EC2-Other ni kitu gani?

"Nina seva moja tu, lakini bili ni dola 103.32. Picha ya skrini hiyo hapo. Hela inaenda wapi?"

Seva yenyewe, t3.medium, imekula dola 30.37, na hiyo ni kawaida kwa mwezi mzima. S3 dola 4.10, iache. Mla hela ni ule mstari wa EC2-Other, dola 68.85. Jina lenyewe halisemi kitu. Humo hurundikwa diski, nakala zake na NAT Gateway, yaani mlango ambao seva iliyofichwa hutokea kwenda nje.

Fungua Cost Explorer, chuja EC2-Other, kisha panga kwa Usage type. Kwenye picha yako ya pili naona NatGateway-Hours saa 730 na NatGateway-Bytes GB 800. Kwa us-east-1 kila saa ni dola 0.045, na kila GB vilevile. Yaani dola 32.85 kwa kuwashwa tu, na 36 kwa data iliyopita.

GB 800 kwa seva moja? Nadhani ni bekapu zako za kila usiku kwenda S3. Kama seva na baketi ziko rijeni moja, weka VPC Endpoint ya S3 aina ya Gateway, yaani njia ya ndani ya kufika S3 bila kupitia NAT, haina malipo. Usisahau kuiunganisha na route table ya sabneti ya seva. Mimi niliwahi kusahau, data ikaendelea kupitia NAT wiki nzima kimyakimya.

Kesho yake angalia NatGateway-Bytes. Isiposhuka, basi mzigo si bekapu, washa VPC Flow Logs uone unakoelekea. Zile 32.85 zitabaki mpaka uifute NAT yenyewe.