Bosi Asiyejua Kusema Ahsante

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Kodi ya mishahara naiwasilisha kabla ya tarehe 7 na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kabla ya tarehe 20, na hatujawahi kupigwa faini. Bosi anasaini bila hata kusoma, wala hasemi ahsante. Mwezi uliopita nilikosea tarakimu moja kwenye ankara, akaniita ofisini kwake papo hapo. Mume wangu naye amechoka kunisikiliza. Nifanyeje?*
*Mwenye Uchungu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kukosa neno jema kazini kunachosha, na hilo silikatai. Hata hivyo, bosi unayemlalamikia mimi namwona vingine, kwa sababu mtu anayesaini ritani bila kuisoma, huku akijua kwamba faini itatoka mfukoni mwake, amekuamini kupita kiasi. Hukuniambia tarakimu hiyo ilikuwa ipi. Sifuri ikizidi kwenye ankara ya nondo, mteja anadaiwa mara kumi. Wala hukusema kwamba alikutukana au alikuaibisha mbele ya wenzako. Alikuita ndani akakurekebisha, na hiyo ni heshima.

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini katika uhasibu hakijiuzi, kwa kuwa kazi yako ni kama chumvi: ikikaa sawa hakuna anayeitaja. Faini ambayo haikutozwa, bosi ataionaje? Kwa hiyo mwonyeshe. Kila mwisho wa mwezi mpelekee ukurasa mmoja wenye kodi zilizolipwa na tarehe zake, madeni yaliyokusanywa kwa wateja, na tofauti ulizozigundua ulipolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Ikiwa benki ilikata makato mara mbili nawe ukadai yakarudishwa, andika kiasi chenyewe, kisha nakala ujiwekee. Usimuulize kama anaridhika nawe, maana atajibu "ndiyo" na kuendelea na simu yake. Muulize kama orodha ya madeni anaitaka kwa jina la mteja au kwa umri wa deni, na hapo atalazimika kuisoma kazi yako.

Wakati wa kuzungumzia mshahara ukifika, weka kurasa hizo mezani. Akikunyima nyongeza ilhali biashara inakwenda vizuri, au akimpandisha cheo mwingine kwa kazi yako, basi ubahili wake si wa maneno tu, nawe utafute ajira kwingine ukiwa na kumbukumbu hizo.

Mumeo, kwa upande wake, ana haki ya kuchoka. Siku hizi wanandoa wengi hugeuza chumba cha kulala kuwa baraza la malalamiko ya ofisini, kisha wanashangaa mwenzao anapogeukia ukutani. Yeye hawezi kulipa sifa alizokunyima bosi. Mtafute mhasibu mwenzako wa kampuni nyingine, umweleze jinsi ulivyoisaka tofauti hiyo ya benki hadi ukaipata. Huyo atakusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu na yeye amekesha akiitafuta ya kwake.