Kifungu cha malipo: nilichosaini bila kukisoma vizuri

Nilipoajiriwa kuwa mtunza ghala hapa Dar es Salaam, niliambiwa kwenye usaili kwamba mshahara ni shilingi 800,000 kwa mwezi, na kwamba mwisho wa mwaka kuna bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja. Mkataba, hata hivyo, ulisema kwamba mwajiri "anaweza, kwa hiari yake, kutoa bonasi kwa mfanyakazi atakayekuwa kazini siku ya malipo." Nililisoma neno "anaweza" kana kwamba limeandikwa "atatoa", na Desemba ilipofika bila kitu sikuwa na pa kushika. Bonasi ya kudai huandikwa kwamba mfanyakazi "atalipwa", kisha hutajwa kiwango, kipimo na tarehe. Kama kipimo hakipo, au anayepima ni mwajiri peke yake, usiihesabu katika bajeti ya kodi ya nyumba. Maneno "kazini siku ya malipo" nayo yana uzito wake, kwa kuwa anayeacha kazi wiki moja kabla hukosa yote, hata kama alitumika mwaka mzima.

Mistari miwili chini yake ndiyo iliyoniumiza zaidi: "Mwajiri atakata kwenye mshahara hasara yoyote." Machi iliyofuata katoni 12 za mafuta ya kula hazikuonekana katika hesabu ya ghala, nami nikakatwa shilingi 400,000 kwa mkupuo, huku ofisa rasilimali watu akinionyesha sahihi yangu.

Sahihi ile haikutosha. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu makato ya kufidia hasara pale tu ambapo hasara imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri ameeleza kwa maandishi chanzo, kiasi na namna deni lilivyokokotolewa, na mfanyakazi amepewa nafasi ya kutosha ya kulipinga. Deni halipaswi kuzidi hasara halisi, wala makato kuzidi robo ya ujira wa fedha.

Niliandika barua kuomba ukokotoaji. Majibu yalionyesha kwamba walitumia bei ya kuuzia, shilingi 60,000 kwa katoni, jumla 720,000, ilhali ankara ya ununuzi ilionyesha 45,000, yaani 540,000. Kosa nilikuwa nalo, kwani nilipokea mzigo usiku bila kuuhesabu (uchovu haukunisaidia kujitetea), hivyo nilibishania kiasi tu. Robo ya mshahara wangu ilikuwa 200,000. Walinirudishia 200,000 zilizozidi mwezi ule, wakakata 200,000 Aprili, na 140,000 zilizobaki Mei.

Mkataba uliofuata niliurudisha kabla ya kusaini, nikaomba "hasara yoyote" ibadilishwe kuwa "hasara iliyothibitishwa kusababishwa na kosa la mfanyakazi, baada ya kusikilizwa." Walikubali siku hiyohiyo. Kuhusu bonasi walikataa, nami nikaomba nyongeza ya shilingi 50,000 kwenye mshahara wa msingi, nikapata 30,000.