Mavazi ya mwalimu anayesimama kutwa

"Nafundisha msingi hapa Tabora. Sketi zinanibana, blauzi inachomoka nikiandika ubaoni, jioni miguu imevimba. Nivae nini?"

Pole na kazi, mwalimu. Usinunue tena sketi za kubana za dukani. Nunua kitambaa cha pamba iliyochanganywa na polista, maana polista tupu kwa joto la Oktoba hapa Tabora ni adhabu. Fundi akushonee sketi ya chini ya goti, inayopanuka kidogo kuelekea chini au yenye rinda nyuma. Blauzi aiongeze urefu kama sentimita 8, na asikaze kwapa. Kabla hujalipa, ijaribu palepale: nyoosha mkono juu kama unaandika tarehe, kisha iname kama unasahihisha daftari dawatini. Ikichomoka au ikipanda mgongoni, mrudishie. Rangi nyeusi iache, inaonyesha kila vumbi la chaki. Kijivu au kitenge chenye maua madogo vinaficha.

Viatu kanunue jioni, miguu ikiwa imeshavimba. Kisigino kiwe kipana, kisichozidi sentimita 3, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Vile vya bapa kabisa, vyenye soli nyembamba, navyo huumiza kwenye sakafu ya saruji.