Bakteria wa tumboni na kilo: panya si mtu

Katika farmasi ninakofanya kazi, hapa Kadutu mjini Bukavu, akina mama huniuliza mara kwa mara kuhusu vidonge vya bakteria ambavyo muuzaji amewaahidi kwamba vitapunguza tumbo. Ninawaeleza kwanza ahadi hiyo ilitoka wapi, kwa sababu haikutoka hewani.

Mwaka 2013, watafiti wa Marekani walichukua kinyesi cha mapacha wanawake, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakakipandikiza kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote. Panya waliopokea kinyesi cha pacha mnene waliongeza mafuta mwilini kuliko wale wengine, ingawa wote walilishwa chakula kilekile. Walipowekwa pamoja katika tundu moja, na panya hula kinyesi cha wenzao, bakteria wa wembamba walihamia kwa wale wengine na kuwazuia wasinenepe. Hata hivyo, kinga hiyo ilitegemea chakula: panya walipopewa chakula chenye mafuta mengi, huku mboga na matunda yakiwa machache, haikuonekana. Jambo hili wauzaji hawalitaji kamwe.

Je, kwa binadamu? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 22 wenye unene uliokithiri, ambamo nusu walimeza vidonge vyenye bakteria kutoka kwa mtu mmoja mwembamba, na nusu vidonge vya bandia, yaani visivyo na bakteria hao. Baada ya wiki 12, bakteria wa yule mtu mwembamba walionekana kwa sehemu ndani ya waliovimeza, lakini uzito wao haukupungua kuliko wa wale wa vidonge bandia. Ni jaribio dogo, kwa hiyo halifungi mjadala. Lile la Uholanzi la mwaka 2012 lilionyesha kwamba miili ya wanaume waliopandikizwa bakteria wa watu wembamba iliitikia insulini vizuri zaidi baada ya wiki 6, lakini kilo zao zilibaki palepale.

Tofauti inaeleweka. Tumbo la panya yule lilikuwa tupu, ilhali letu limekaliwa na bakteria tangu utotoni, na wageni hawapati nafasi kirahisi. Isitoshe, chakula chenyewe hubadilisha bakteria katika siku chache, kwa hiyo kukuta bakteria tofauti kwa mtu mnene hakuonyeshi kipi kilitangulia.

Kwa hiyo, mama akinionyesha kopo la vidonge, ninamwambia atafute mambo mawili: jina kamili la bakteria pamoja na namba ya aina yake, na kama bakteria hao walijaribiwa kwa watu, wakapimwa kwenye mizani na kulinganishwa na waliopewa vidonge bandia. Maneno kama “husawazisha tumbo” hayajibu swali la kilo. Asipoyapata, ninamshauri fedha hiyo anunue maharage na lenga-lenga, ambavyo nyuzinyuzi zake huwalisha bakteria alio nao tayari, ingawa hapo pia simwahidi kwamba mizani itashuka.